Kabla ya kutuma amana ya mbolea

Muuzaji anakutangazia mifuko 40 ya urea kwa bei ya chini kuliko kila mtu, na anataka nusu ya pesa leo "kabla mzigo haujaisha". Usitume kwanza. Mwombe video fupi ya mifuko yenyewe, ionyeshe namba ya bechi na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha za kuchukua mtandaoni haziwezi kufanya hivyo.

Kisha mpigie mtengenezaji au mwagizaji aliyeandikwa kwenye mfuko. Namba yake itafute mwenyewe, maana namba anayokupa muuzaji huenda ni ya mwenzake. Uliza mambo mawili: bechi hiyo ni yao, na huyu ni wakala wao? Jina la akaunti ya malipo nalo lilingane na la biashara. Akisema utume kwa "mhasibu wetu", achana naye.

Namba halisi ya bechi inaweza kuwa kwenye mfuko uliojazwa upya, kwa hiyo lipa ghalani baada ya kukagua. Tazama mshono: matundu ya sindano yasiyo na uzi yanaonyesha mfuko ulishafunguliwa. Koroga kijiko cha urea kwenye glasi ya maji. Huyeyuka yote na glasi hupoa kidogo; mchanga au unga wa chokaa hubaki chini. Kipimo hiki hakifai kwa DAP, ambayo hata ikiwa halisi huacha masalia.