Somo: Nyongeza ya mshahara ikikuvusha kiwango cha kodi, ni shilingi ngapi zinafika mkononi?

Nimeandaa hesabu za mishahara ya kampuni binafsi hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kila msimu wa nyongeza hukutana na hofu ileile. Mwaka juzi msimamizi wa ghala letu lililo Barabara ya Nyerere alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniomba nimweleze meneja kwamba nyongeza yake ipunguzwe kidogo, kwa sababu ingemfikisha kwenye asilimia 30 na mshahara wake ungeshuka. Alikuwa amepiga hesabu nyuma ya bahasha, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi katika kujumlisha na kutoa. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ndilo kiini cha somo hili. Ninatumia takwimu zake: mshahara wa 1,050,000 kwa mwezi uliopandishwa hadi 1,200,000, yaani nyongeza ya 150,000.

Hatua ya kwanza: ondoa mchango wa NSSF kabla ya kugusa kodi

Kodi ya PAYE haikokotolewi juu ya mshahara ghafi, bali juu ya kile kinachobaki baada ya kuondoa mchango wako wa hifadhi ya jamii, ambao kwa wengi wa sekta binafsi ni asilimia 10. Kwa mshahara wa zamani, mchango ni 105,000 na kiasi kinachotozwa kodi ni 945,000. Kwa mshahara mpya, mchango ni 120,000 na kiasi kinachotozwa kodi ni 1,080,000.

Hatua hii watu huiruka, na matokeo yake ni kuogopa mpaka ambao hawajaufikia. Mpaka wa asilimia 30 ni 1,000,000, lakini kwa anayekatwa asilimia 10 ya NSSF mpaka huo hukutana na mshahara ghafi wa takriban 1,111,000. Mtu anayepandishwa kutoka 1,000,000 hadi 1,100,000 hajavuka chochote, kwa kuwa kiasi chake kinachotozwa kodi ni 990,000.

Hatua ya pili: tafuta kodi ya kila mshahara katika jedwali

Kwa mkazi wa Tanzania Bara, jedwali la mwezi lililoanza kutumika Julai 2021 huacha shilingi 270,000 za kwanza bila kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000, asilimia 20. Kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000, asilimia 25. Na kinachozidi 1,000,000, asilimia 30. Ili usianze chini kila mara, jedwali hukupa kodi iliyokwisha kukusanyika katika kila mpaka: 20,000 ukifika 520,000, kisha 68,000 ukifika 760,000, na 128,000 ukifika 1,000,000. Bajeti inaweza kubadilisha viwango hivi, kwa hiyo kila Julai linganisha na jedwali la TRA la mwaka huo kabla ya kuendelea.

Neno la kushika hapo ni "kinachozidi". Kodi ya mshahara wa zamani ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya zile 185,000 zinazozidi 760,000, yaani 46,250. Jumla ni 114,250. Kodi ya mshahara mpya ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya 80,000 tu zilizovuka mpaka, yaani 24,000. Jumla ni 152,000.

Msimamizi wetu wa ghala alikuwa amechukua asilimia 30 ya 1,080,000 yote, akapata kodi ya 324,000 na mshahara wa mkononi wa 756,000. Kwa hesabu hiyo, hata mimi ningeikataa nyongeza.

Hatua ya tatu: linganisha mshahara wa mkononi wa zamani na mpya

Zamani: 1,050,000 ukitoa 105,000 za NSSF na 114,250 za kodi, zinabaki 830,750. Sasa: 1,200,000 ukitoa 120,000 na 152,000, zinabaki 928,000. Tofauti ni 97,250, ambayo ni karibu asilimia 65 ya nyongeza aliyoahidiwa.

Ukitaka kuhakiki, fuata nyongeza yenyewe peke yake. Katika 150,000, NSSF inachukua 15,000, zinabaki 135,000. Kati ya hizo, 55,000 zinajaza nafasi iliyokuwa imebaki chini ya mpaka na zinatozwa asilimia 25, yaani 13,750. Nyingine 80,000 zinatozwa asilimia 30, yaani 24,000. Ukitoa 37,750 za kodi unarudi kwenye 97,250 zilezile. Njia hizi mbili zisipokutana, mara nyingi umesahau kutoa NSSF upande mmoja.

Na gharama ya kuvuka mpaka ni ipi hasa? Kama zile 80,000 zingebaki kwenye asilimia 25, angelipa 4,000 pungufu. Hizo shilingi 4,000 ndizo zote alizotaka kuzikimbia kwa kuacha nyongeza.

Maswali ya wanachama

Neema, Tabata: Mwalimu, nimefuata hatua zote kwa mshahara unaofanana na huo, lakini kilichoongezeka benki ni 74,750 tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada Neema; bila shaka unarejesha mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kama nyongeza yote imeingia kwenye msingi, makato yamepanda kwa 22,500. Makato hayo hayapunguzi kiasi kinachotozwa kodi, kwa hiyo yatoe mwishoni kabisa, baada ya PAYE. Kama sehemu ya nyongeza ingetolewa kama posho ya fedha taslimu, sehemu hiyo isingeongeza makato ya mkopo, ingawa kodi ingebaki palepale.

Rashidi, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Nyongeza yangu ni hiyo hiyo ya 150,000 tangu Januari, ila imelipwa Machi pamoja na malimbikizo ya miezi miwili. Kodi ya Machi imefika 233,000. Hiyo si wizi?

Jibu: Marahaba, Rashidi. Machi umelipwa 1,500,000 kwa pamoja. Ukitoa NSSF zinabaki 1,350,000, na kodi yake ni 128,000 pamoja na 105,000, kwa hiyo 233,000 ni sahihi kwa mwezi huo. Hata hivyo umeumia kidogo: Januari na Februari nafasi yako ya 55,000 katika asilimia 25 ilipita bila kutumika, na malimbikizo yote yakaangukia kwenye asilimia 30. Kwa miezi mitatu umelipa 461,500 badala ya 456,000. Viwango vya kodi kisheria ni vya mwaka, kwa hiyo mwombe mhasibu wako arekebishe hizo 5,500 katika miezi inayofuata. Kipimo cha nyongeza yako kifanye kwa hati ya mshahara ya Aprili, si ya Machi.

Mama Abdul, Kimara: Nikitaka 100,000 kamili ziongezeke mkononi, nami tayari nimeshavuka mpaka wa juu, niombe kiasi gani?

Jibu: Ukishavuka, katika kila shilingi 100 mpya 10 zinakwenda NSSF na 27 zinakwenda kodi, kwa sababu asilimia 30 inatozwa juu ya 90 zilizobaki. Unapata 63. Gawanya 100,000 kwa 0.63, utapata takriban 158,700. Kama una mkopo wa Bodi, unabaki na 48 katika kila 100, na ombi lako linapanda hadi takriban 208,300.