Somo: Uagize mzigo kiasi gani kwa mara moja?

Ukiagiza kidogo kidogo, kila mara unalipa usafiri na kupoteza muda. Ukiagiza mwingi, fedha inalala rafuni. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani, Ford Whitman Harris, alichapisha kanuni inayotafuta mahali ambapo gharama hizi mbili zikijumlishwa huwa ndogo kabisa:

```
Q = √(2 × D × S / H)
```

D ni idadi unayouza kwa mwaka. S ni gharama ya kuagiza mara moja. H ni gharama ya kutunza kipande kimoja kwa mwaka mzima. Q ndiyo idadi ya kuagiza.

Hatua ya 1: tafuta S. Jiulize hivi: nikiagiza kipande 1 au 500, ni gharama ipi haibadiliki? Hiyo ndiyo S: nauli ya gari la mzigo, ada ya kutuma malipo, muda wa kupokea na kuhesabu. Usafiri unaotozwa kwa kila katoni haumo humu. Uongeze kwenye bei ya kununulia.

Hatua ya 2: tafuta H. Hapa ndipo wengi hukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kuingiza kodi yote ya pango, kanuni ikaniambia niagize vipande vichache mno, nikawa kiguu na njia kufuata mzigo. Kama pango unalilipa lile lile rafu ikijaa au ikiwa tupu, liache nje. Kinachohesabiwa ni kile kinachoongezeka mzigo ukiongezeka: riba ya mkopo, au faida ambayo fedha hiyo ingezaa kwenye bidhaa nyingine, pamoja na kuvunjika, kuibiwa na kupitwa na wakati.

Hatua ya 3: piga hesabu. Tuseme unauza balbu 1,200 kwa mwaka. Kila oda inakugharimu 24. Balbu moja unainunua kwa 20, na kuitunza mwaka mzima ni asilimia 20 ya bei hiyo, yaani 4. Zidisha 2 × 1,200 × 24, upate 57,600. Gawanya kwa 4, ni 14,400. Kipeuo chake cha pili ni 120.

Utaagiza balbu 120, mara 10 kwa mwaka. Kuagiza kutagharimu 240. Rafuni, kwa wastani, kutakuwa na nusu ya oda, balbu 60, na kuzitunza ni 240 pia. Jumla 480. Gharama hizo mbili kulingana si bahati: kwenye Q ndivyo zinavyokuwa daima, kwa hiyo zisipolingana, rudia hesabu.

Hatua ya 4: linganisha na katoni. Ikiwa katoni ina balbu 50, huwezi kununua 120. Kwa 100 jumla ni 488. Kwa 150 ni 492. Tofauti na 480 ni ndogo sana, basi chukua 100 bila wasiwasi. Ila usiende mbali mno: ukiagiza 60 au 240, jumla inafika 600, robo nzima zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari langu moja hubeba bidhaa nne. Kila moja niihesabie nauli yote?*

Hapana, ndugu yangu. Ukifanya hivyo nauli moja umeihesabu mara nne, na oda ya kila bidhaa itakuwa kubwa mara mbili ya inavyofaa. Gawanya 24 kwa nne: S inakuwa 6, na balbu zinashuka kutoka 120 hadi 60. Sharti ni kwamba hizo nne ziagizwe siku moja kweli.

*Muuzaji wa jumla ananipa punguzo la asilimia 5 nikichukua 300. Nikubali?*

Hapo jumlisha na bei ya mzigo wenyewe. Kwa 120: 24,000 + 480 = 24,480. Kwa 300, bei ni 19 na H ni 3.8: manunuzi 22,800, kuagiza 96, kutunza 570, jumla 23,466. Unaokoa 1,014 kwa mwaka. Lakini kila oda itataka 5,700 taslimu badala ya 2,400, na mzigo utakaa miezi mitatu kabla ya kwisha. Kama fedha hiyo ndiyo ya kujazia bidhaa nyingine, liache punguzo.

*Na bidhaa inayoharibika baada ya wiki tatu, dada?*

Kanuni haijui tarehe ya kuharibika. Oda ya 120 hukaa siku 36 hivi. Kwa mauzo hayo hayo, siku 21 zinamaliza vipande 69 tu. Usivuke hapo, hata kanuni ikisema 120.