Kupima paracetamol ya maji kwa bomba: mililita 4 za mtoto wa kilo 8

Juzi bibi mmoja alikuja dukani na mjukuu mgongoni, ana homa. Nikamuuliza anampaje dawa nyumbani. "Kijiko kimoja, mwanangu, kama mlivyoniambia." Nikamwomba akija tena anibebee hicho kijiko. Alikuja nacho jioni. Nikakijaza maji, nikayavuta kwa bomba: mililita 7. Kijiko kinachotajwa kwenye lebo ni mililita 5.

Mjukuu huyo ana mwaka mmoja na miezi 2, uzito kilo 8. Nitapita naye hatua kwa hatua, maana hesabu yake inaonyesha vizuri kwa nini mililita 2 za ziada si jambo dogo.

Hatua ya 1: Soma nguvu ya dawa

Kabla ya kugusa bomba, geuza chupa utafute maandishi kama `120 mg/5 ml`. Maana yake kila mililita 5 zina miligramu 120 za paracetamol, yaani miligramu 24 katika mililita moja. Hiyo ndiyo ninayoiuza zaidi. Lakini kuna chupa za `250 mg/5 ml`, ambazo ni kali mara mbili na zaidi, na kuna matone ya watoto wachanga ya `100 mg/ml`, makali mara nne. Ladha na rangi zinaweza kufanana kabisa. Ukibadilisha chupa, ile mililita uliyozoea haifai tena. Piga hesabu upya.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa uzito

Chukua uzito kwenye kadi ya kliniki, ule wa karibuni. Dozi moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa mjukuu wa bibi ni miligramu 80 hadi 120. Mimi nilichagua 96, kwa sababu 96 gawanya kwa 24 ni mililita 4 kamili, na mstari wa 4 unaonekana bila kukodoa macho.

Sasa rudi kwenye kile kijiko. Mililita 7 ni miligramu 168, yaani 21 kwa kila kilo. Akipewa hivyo mara 4 kwa siku, mtoto anapata miligramu 84 kwa kilo, wakati mimi sivuki 60. Anayeumia hapo ni ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima tu, anacheza. Ndiyo maana ukigundua umezidisha, usisubiri dalili. Beba chupa uende hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kulilinda ini ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Hatua ya 3: Pata bomba linalofaa

Omba bomba la kunyweshea dawa la mililita 5. Likikosekana, bomba jipya la sindano la mililita 5 linapima sawasawa, ila sindano iache palepale dukani, na kama mdomo wa bomba una kifuniko kidogo kitupe kabla hujafika nyumbani. Nimewahi kuitwa kwa jirani ambaye alisukuma dawa bila kukitoa. Kilichomoka kikaangukia ulimini mwa mtoto. Bahati yetu alikitema.

Kwenye mabomba mengi ya mililita 5, kati ya namba na namba kuna nafasi tano, kila moja mililita 0.2. Zihesabu zako kwanza. Hesabu yako ikiangukia kati ya mistari miwili, chukua wa chini.

Hatua ya 4: Vuta

Tikisa chupa, kwa sababu dawa nyingine hutuama na ukali wote ukabaki chini. Kisha iache itulie mpaka povu lipungue, la sivyo utavuta povu. Kama chupa ina kizibo chenye tundu, chomeka bomba, pindua chupa kichwa chini, vuta. Kama haina, mimina kidogo kwenye kikombe kisafi na kikavu uvutie humo. Kinachobaki kikombeni kimwage, usikirudishe chupani.

Vuta kupita mstari wa 4 kidogo. Simamisha bomba, mdomo ukitazama juu, uligongegonge kwa kidole mpaka mapovu yapande, kisha sukuma hewa yote itoke na urudi hadi 4. Povu linachukua nafasi ya dawa: ukiliacha, umempa mtoto pungufu na homa haishuki, halafu unaongeza dozi kabla ya saa.

Hatua ya 5: Soma mstari

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wahudumu. Ile raba iliyo mwisho wa kijiti cha kusukumia ina pete mbili, na kwenye mabomba mengine kichwa chake kimechongoka. Usome wapi? Bomba lenyewe litakwambia. Likiwa tupu, sukuma mpaka mwisho, uangalie ni sehemu gani ya raba imekaa kwenye sifuri. Mara nyingi ni ukingo wa pete ya mbele, pale raba inapogusa ukuta wa bomba, upande wa dawa. Sehemu hiyohiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye 4. Ukisoma pete ya nyuma, dawa imepungua.

Inua bomba lilingane na macho yako, palipo na mwanga. Ukiliangalia kwa juu au kwa chini, mstari unahama.

Hatua ya 6: Mnyweshe

Mkalishe mapajani, mgongo umenyooka, kichwa kisilazwe nyuma. Ingiza ncha pembeni, kati ya shavu na fizi, usilenge koo. Sukuma kama nusu mililita, subiri ameze, sukuma tena. Akilia kwa kupaza sauti, ngoja. Dawa inayosukumwa wakati anavuta pumzi inaweza kumpalia. Usimbane pua. Tone linalobaki kwenye ncha halimo kwenye hesabu, usilisuuze kwa maji ukamwongezea.

Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ileile mara moja. Akitapika baada ya hapo, subiri zamu inayofuata. Zamu ziachane saa 4 hadi 6, zisizidi 4 kwa saa 24. Bibi nilimwandikia saa kwenye kipande cha boksi la dawa, maana usiku mama naye huamka akampa, na asubuhi hakuna anayekumbuka. Nikamuuliza pia kama kuna dawa ya mafua nyumbani. Ilikuwepo, na ndani yake mlikuwa na paracetamol. Tukakubaliana aiweke kando.

Dawa hii inashusha homa tu. Bibi alitoka kwangu akiwa ameelekezwa zahanati kupima malaria. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, au yeyote aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au aliyelegea asiyeamka vizuri, apelekwe kituoni bila kusubiri homa ishuke.

Usafi

Chomoa kijiti, osha vipande vyote viwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, vikauke vikiwa vimetenganishwa. Sukari ikigandia ndani, raba inaanza kukwama na utasukuma kwa kishindo. Namba zikianza kufutika, lile bomba limekwisha kazi. Usizichore upya kwa kalamu.