Kabla ya kufungua kibanda kwenye soko la sikukuu: bango, maneno ya kunadi na kadi ya bei

Mtu anayepita kwenye soko la sikukuu la barabarani hukisoma kibanda chako mara tatu. Akiwa mbali, mita kumi hivi, anasoma bango. Akifika mita mbili anakusikia wewe. Akishasimama mezani anasoma kadi ya bei. Wengi wetu huandaa vitu hivi kwa siku tofauti: bango hupelekwa kwa fundi wiki mbili kabla, kadi huandikwa usiku wa kuamkia soko, na maneno ya kunadi hayaandaliwi kabisa. Matokeo yake bango linasema jambo moja, mdomo jambo jingine na kadi la tatu, na mteja kila hatua anaanza kuelewa upya. Kwa hiyo kabla ya kununua karatasi au turubai, kaa chini uandike sentensi moja tu: unauza nini, ni cha kumfaa nani, na kwa bei gani. Bango litachukua kipande cha kwanza cha sentensi hiyo, mdomo cha pili, kadi cha tatu.

Nichukue mfano wa mishumaa yenye manukato, iliyomiminwa kwenye vikopo vya kioo vyenye vifuniko. Sentensi yake ni hii: mishumaa inayonukia, zawadi iliyokwisha kufungwa, mmoja 6 na mitatu 15. Bei nazitaja kwa namba tupu, wewe utaweka za kwenu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu maneno yote yanaitegemea. Tuseme mshumaa mmoja, pamoja na nta, utambi, manukato, kopo na lebo, umekugharimu 2.8. Ukiuuza 6, unabaki na 3.2. Sanduku la mitatu linakugharimu 8.4 ya mishumaa na 0.6 ya sanduku lenyewe, jumla 9. Ukiliuza 15, unabaki na 6. Mteja ameokoa 3, nawe kwa mazungumzo yale yale umepata karibu mara mbili. Kama nafasi ya kibanda umeilipia 60, utahitaji kuuza masanduku 10 ili kuirudisha, au mishumaa 19 mmoja mmoja. Kwenye soko lenye msongamano, wateja 10 na wateja 19 si jambo moja, maana kila mmoja anakula dakika zako. Ndiyo maana neno la kusukuma mbele ni "mitatu". Lisipoamuliwa mapema, siku ya soko utajikuta unanadi mshumaa mmoja mmoja tangu asubuhi.

Sasa bango. Kanuni wanayoitumia sana mafundi wa mabango ni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka kama mita 3. Kwa mita 10, basi, unahitaji herufi za sentimita 8 hadi 10. Herufi kubwa ya sentimita 10, pamoja na nafasi inayoifuata, inakula upana wa kama sentimita 8. Bango la mita 2, ukiacha pambizo, linabeba herufi ishirini na kitu. MISHUMAA INAYONUKIA ni herufi 18 na nafasi moja, kwa hiyo inatosha. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, weka: Zawadi iliyokwisha kufungwa. Basi.

Kishawishi kikubwa hapa ni kuanza na jina la biashara. Naelewa, jina umelihangaikia. Lakini anayepita halijui, na sekunde zake chache zikiishia kwenye jina, bado hajajua unauza nini. Jina liende kwenye lebo na mfuko, ambako mtu atalikuta nyumbani akitaka kukutafuta tena. Maneno kama "bidhaa bora kwa bei nafuu" yaache kabisa, kwa kuwa yanaweza kutundikwa juu ya kibanda chochote pale sokoni bila kubadilisha herufi. Usiweke mwaka pia, la sivyo bango litakufa na sikukuu moja.

Mahali pa kulitundika pana uzito kuliko rangi yake. Bango lililofungwa mbele ya meza linaonekana vizuri asubuhi, kabla ya watu. Wakishasimama wateja watatu, limefunikwa na miguu yao, na saa ambayo watu ni wengi ndiyo saa ambayo halisomwi na yeyote. Ukingo wake wa chini uwe juu ya vichwa, zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Halafu kumbuka kwamba watu hawaji kukikabili kibanda, wanakipita kwa ubavu. Bango lililotazama barabara wataliona wakiwa tayari wamefika mbele yako. Anayetokea mbali anahitaji kibao kidogo kilichotokeza ubavuni, kinachowatazama wanaokuja, chenye neno moja kila upande: MISHUMAA.

Rangi za sikukuu zina mtego. Nyekundu juu ya kijani inachangamka ukiwa karibu, lakini rangi hizo mara nyingi zina giza linalolingana, na kwa mbali herufi zinazama. Piga picha ya mchoro wa bango kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Herufi zikififia kwenye picha hiyo, zitafifia pia jioni. Taa nazo zipigwe kutoka mbele kuja kwenye bango. Taa ikiwa nyuma, maneno yanageuka kivuli. Kuhusu upepo, turubai lililokazwa kwa kamba ngumu hugeuka tanga na kuvuta kibanda kizima. Funga pembe kwa mipira inayonyumbuka, na kila mguu wa kibanda ufungiwe dumu la maji la lita 20, ambalo ni uzito wa kilo 20.

Maneno ya kunadi ndiyo yanayodharauliwa zaidi, na mimi nayaona ndiyo yenye nguvu. Kosa la kawaida ni kuanza na swali: "Nikusaidie?" Jibu lake limeshaiva mdomoni mwa kila mtu: "Natazama tu." Baada ya hapo kuongea tena ni kumsumbua. Badala ya kumwuliza, mpe kitu cha kufanya kwa mikono. Mshumaa uko tayari kwa hilo, kwa sababu ukifunikwa harufu hujikusanya chini ya kifuniko, ilhali ukiachwa wazi barabarani upepo unaibeba yote. Kwa hiyo vikopo vyote vikae vimefunikwa, na wewe unyooshe mkono wenye kifuniko:

"Karibu, nusa kifuniko hiki. Hiki karafuu... na hiki waridi. Mmoja ni sita, mitatu kumi na tano, imeshafungwa, unaondoka nayo kama ilivyo."

Hayo yote ni sekunde 12 hivi, na katikati pana kituo. Kituo hicho ni cha lazima, maana mtu hanusi huku anasikiliza hesabu. Mwache anuse, uso wake ubadilike, ndipo utaje bei. Bei itoke mdomoni mwako bila kuombwa, kwa namba zile zile zilizo kwenye kadi. Akisema umpunguzie, jibu liwe tayari tangu nyumbani: "Nafuu iko kwenye mitatu." Ukilijibu hilo kwa kubuni papo hapo, mchana utapunguza kwa huyu, jioni utamkatalia rafiki yake, na wote wawili watasimuliana.

Yaseme maneno hayo kwa sauti mara ishirini kabla ya siku yenyewe, umesimama, ikiwezekana redio ikiwa inapiga karibu. Maneno ambayo ulimi unakwama peke yako chumbani yatakwama zaidi kwenye kelele. Kama mtakuwa wawili kibandani, mwenzako ajifunze yale yale neno kwa neno. Niliwahi kusimama kibandani na msaidizi aliyekuwa akisema "viwili kwa kumi" wakati kadi ilisema bei ya juu zaidi, na mteja mmoja mwenye haki yake alitufanya tuuze kwa hasara mbele ya foleni.

Tukija kwenye kadi ya bei, fikiria mtu mwenye haya. Wapo wengi ambao bei isipoonekana hawaulizi, wanaondoka. Kadi yao isomeke bila kuinama na bila kukukaribia. Karatasi ya A6 iliyosimamishwa inatosha, tarakimu ya bei iwe na kimo cha sentimita 3. Iwekwe nyuma ya bidhaa, imeinuliwa kidogo, maana ikiwa mbele mikono ya wateja itaifunika au kuiangusha. Karatasi isiwe ya kung'aa, kwani chini ya taa itarudisha mwanga badala ya maandishi. Maneno yake ni haya:

KARAFUU
6
Mitatu 15, imefungwa
Unawaka zaidi ya saa 25

Mstari wa mwisho usiuandike kwa kukisia. Pima mshumaa kwa mizani ya jikoni, uuwashe kwa muda wa saa nne, uuzime, upoe, upime tena. Tuseme nta ilikuwa gramu 180 na imepungua gramu 22, yaani gramu 5.5 kwa saa. Nta ya mwisho, kama sentimita moja, haipaswi kuwashwa kwa sababu kioo kinapata joto kali, kwa hiyo toa gramu 20. Zinabaki 160, na ukigawa kwa 5.5 unapata saa 29. Andika "zaidi ya saa 25", kwa kuwa nyumbani kwa mteja kuna upepo na utambi usiokatwa. Neno "asilia" nalo liandike tu kama nta na manukato yote viwili ni asilia. Mara nyingi nta ndiyo asilia na manukato siyo.

Bango limeahidi zawadi iliyokwisha kufungwa, na hapa ndipo vibanda vingi hukwama. Kufunga sanduku moja vizuri ni dakika 3. Wateja watano wakifuatana, wa mwisho anasubiri robo saa, na kabla hajafikiwa ameshaondoka. Masanduku yote ya mitatu yafungwe nyumbani, na moja la mfano lifunguliwe mezani ili watu waone kilichomo. Yakiisha katikati ya siku, futa ahadi hiyo kwenye maneno yako na ugeuze kadi papo hapo. Kwa ajili hiyo beba kadi za ziada zisizo na mstari wa mitatu, na kalamu ya wino mzito. Beba pia chenji ndogo: anayetoa 10 kwa mshumaa mmoja anarudishiwa 4, anayetoa 20 kwa sanduku anarudishiwa 5, na saa ya kwanza hakuna mteja atakayekuletea hizo.

Siku moja kabla, tundika kila kitu uani au kando ya barabara iliyotulia. Mwombe mtu ambaye hajui unauza nini apite kwa mwendo wake wa kawaida, bila kusimama, mita mbili au tatu kutoka mezani. Akishapita mwulize mambo mawili: kinauzwa nini, na mmoja ni bei gani. Akikosa la kwanza, bango ndilo la kurekebisha. Akikosa la pili, ni kadi, na usiku mmoja unatosha kuiandika upya.