Kahawa yenye ladha mbovu: saga kila kikombe peke yake

Ukionja kahawa ya arabika, andaa vikombe vitano, kila kimoja na punje zake zilizosagwa peke yake. Kisha angalia kasoro imetokea wapi.

Kikombe kimoja tu kikinuka uchachu wa tunda lililooza, kuna punje iliyovunda. Huenda ilinasa kwenye mashine ya kumenya au ndani ya tangi, ikatoka na kundi la kesho yake. Punje moja yatosha kuharibu kikombe kizima. Vikinuka vyote vitano, kosa ni la kundi zima: matunda yalilala bila kumenywa, au yalivundikwa kupita kiasi. Hapo kuchambua punje hakusaidii.

Harufu ya dawa ya hospitali nayo mara nyingi hujificha kwenye kikombe kimoja. Ila ikijaa vyote, onja kwanza maji yako. Klorini hudanganya wengi.

Harufu ya gunia huenea kote, kwa sababu kahawa ilikaa mno ghalani penye unyevu ikafyonza mafuta ya magunia. Ya mpira uliochomwa ni ya robusta zaidi, hasa matunda yakiachwa yaanze kukaukia mtini.