Somo: Kupima blauzi ya sari – kwapa, ncha ya titi na urefu wa mgongo

Blauzi ya sari ni nguo fupi, inabana, na chini haina kitu cha kuishikilia. Gauni la kitenge ukilikosea nusu inchi kifuani, sketi inalivuta chini na kosa linajificha. Blauzi hii inaishia chini kidogo ya titi, kwa hiyo ukikosea inapanda. Sari yenyewe ni kitambaa cha kama mita 5 na nusu. Inafungwa juu ya gaguro, inapigwa marinda mbele, na ncha yake inatupwa bega la kushoto. Kifua cha kushoto kinafunikwa, lakini ubavu wa kulia na sehemu kubwa ya mgongo watu wanauona. Na mvaaji hatulii, kila mara anainua mkono kurudisha ncha begani. Ukimpima amesimama kama askari wa gwaride halafu ukaishia hapo, umepima nusu ya kazi.

Nitaeleza kwa vipimo vya mteja mmoja wa Isevya, Tabora, mpambe wa bibi harusi, mwenye kimo cha kawaida. Kifua chake kilikuwa inchi 38, na chini ya titi inchi 32. Hivyo viwili kila fundi anavijua, sitavikalia. Nakaa kwenye vitatu vinavyorudisha blauzi kwa fundi.

Kabla ya futi kugusa mwili

Mwambie mteja aje na sidiria ileile atakayoivaa siku ya shughuli. Si mbwembwe. Sidiria ya kunyanyua inaweza kupandisha ncha ya titi inchi nzima ukilinganisha na ile iliyolegea ya kila siku. Avue blauzi ya juu, abaki na sidiria au fulana nyepesi inayobana. Mfunge utepe kiunoni na mwingine chini ya titi, usawa mmoja mbele na nyuma. Kama ana gaguro, alifunge pale atakapolifunga siku hiyo, maana nafasi ya tumbo itakayobaki wazi inategemea gaguro na blauzi kwa pamoja. Wengi wa huku hawataki tumbo lionekane sana, na wakwe wakiwapo ndiyo kabisa. Muulize mapema.

Hatua ya kwanza: ncha ya titi

Anzia pale bega linapokutana na shingo, si katikati ya bega. Shusha futi moja kwa moja hadi sehemu iliyotokeza zaidi ya titi. Mpambe wetu alitoa inchi 10 na nusu. Usiinue futi na kuanza upya. Endelea nalo kupita juu ya titi, lifuate mwinuko, hadi pale blauzi itakapoishia, yaani inchi moja hivi chini ya utepe wa chini ya titi. Alitoa 15. Sasa pima kutoka ncha hadi ncha kwa futi lililolala bila kuzama katikati: 7 na nusu.

Kwenye karatasi, nusu ya 7 na nusu ni 3 na robo tatu. Hapo ndipo ncha inapokaa ukihesabu kutoka mstari wa katikati ya mbele. Blauzi ya kulabu mbele inawadanganya wengi. Katikati ni mstari ambapo kulabu zinakutana, sio ukingo wa kitambaa. Ile nguo ya ziada ya kufungia inaongezwa nje ya mstari huo. Ukihesabu kutoka ukingoni, ncha zote mbili zinasogea katikati na dati zinaelekea mahali pasipo na titi.

Dati zote za mbele zinaelekea kwenye alama hiyo, lakini haziifikii. Ziishie kama inchi moja kabla. Dati inayogonga ncha kabisa inatengeneza kichongo, na kwenye satini kinaonekana tangu mlangoni.

Ukishavalisha, titi likiwa limejaa chini ya dati huku juu pamelegea, umeweka ncha juu mno. Kitambaa kikikunjika chini ya titi, umeiweka chini. Upana wa kifua usiuguse kwanza, sogeza dati.

Hatua ya pili: kwapa

Muombe ainue mkono pembeni. Ncha ya bega inabonyea kidogo, ndipo mfupa ulipo. Weka alama ya chaki, kisha ashushe mkono kabisa. Zungusha futi kutoka kwenye alama, lipite mbele, chini ya kwapa, lipande nyuma hadi kwenye alama tena. Ingiza kidole kimoja kati ya futi na mwili. Mpambe wetu: 16 na nusu. Ongeza nusu inchi ya kupumulia, upate 17. Upimaji wenyewe ufanyike mkono ukiwa chini. Mkono ukiwa juu, nyama na bega vyote vimehama.

Hapa najua nitapingwa. Mafundi wengi mteja akilalamika kwamba kwapa linabana, wanalichimba chini. Kwa blauzi hii ni kinyume. Mshono wa kwapa ukikaa karibu na kwapa lenyewe, mkono unainuka na nguo inabaki mahali pake. Ukiushusha inchi moja, mkono ukiinuka unabeba ubavu wote wa blauzi, na pindo la chini linapanda juu ya titi. Mteja aliyekuambia amejisikia huru kwenye kioo ndiye atakayeshinda ukumbini akiivuta chini.

Hakikisha 17 yako unaipima kwenye mstari wa kushonea, ukizungusha futi likiwa limesimama kwa ukingo wake, mbele na nyuma, kisha ujumlishe. Ukipima kwenye ukingo wa kukatia unajidanganya, kwa sababu mshono ukiingia ndani tundu linapanuka. Na upinde wa mbele uchimbwe zaidi kidogo kuliko wa nyuma, maana mkono unakwenda mbele. Ukizilinganisha pinde hizo mbili, nyuma itabana mvaaji akikumbatia mtu.

Kukiwa na uwazi unaofumbuka mbele ya kwapa, usikimbilie kupunguza bega. Mara nyingi ni kitambaa cha titi kilichokosa pa kwenda. Kibane kwa pini kuelekea ncha ya titi. Kama uwazi unaisha, hiyo ndiyo dati uliyoisahau.

Hatua ya tatu: urefu wa mgongo

Mwambie ainamishe kichwa. Mfupa unaotokeza chini ya shingo ndio mwanzo. Ashike kichwa sawa tena, ndipo upime hadi usawa wa mwisho wa blauzi mbele. Mpambe wetu alitoa 13. Mbele alikuwa na 15, kwa hiyo usikate mbele na nyuma kwa urefu mmoja. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na tunapoanzia, kwani bega la shingoni liko juu kuliko ule mfupa. Inayobaki ni mwinuko wa titi, na inamezwa na dati. Mishono ya ubavuni, mbele na nyuma, lazima iwe urefu mmoja. Kama mbele imezidi ubavuni, kuna dati haijafungwa ya kutosha.

Sasa aivae futi. Lizungushe pale pindo litakapokaa, kisha ainue mikono yote miwili kama anafunga kilemba. Futi likibaki mahali pake, urefu ni sahihi. Likipanda na kukataa kurudi, pindo limekaa juu mno, kwenye mteremko wa titi. Shusha nusu inchi, jaribu tena. Pindo linataka kukaa kwenye mbavu zilizonyooka chini ya titi. Huko ndiko linakoshika. Mpambe wetu hapo alikuwa 31 na nusu, nikampa 32 na nusu. Kifuani nilimpa 39, inchi moja ya kupumulia. Oktoba ya Tabora ina joto lake, basi bitana iwe ya pamba na usibane chini ya inchi moja.

Maswali ya wanakikundi

Swali, kutoka Urambo: Shikamoo mama fundi. Mteja wangu anataka mgongo wazi sana, shingo ya nyuma ishuke inchi 8. Kila nikimshonea, bega linateleza. Nipunguze wapi?

Marahaba mwanangu. Urefu wa mgongo upime vilevile kutoka kwenye mfupa, hata kama hapo hakutakuwa na kitambaa, vinginevyo hutajua pindo liko wapi. Bega linateleza kwa sababu ulishusha shingo na ukaipanua kwa pamoja. Kwa shingo iliyoshuka hivyo, upana wake juu uwe mwembamba, na ncha ya bega iingie ndani nusu inchi. Kisha weka kamba mbili za kufunga inchi 2 au 3 chini ya mfupa. Bega la kushoto ndilo linalobeba ncha ya sari na pini yake, kwa hiyo litaanza hilo. Mwambie pia kuhusu sidiria kabla hujakata, maana kamba yake itaonekana.

Swali, kutoka Kigoma: Dada, wateja wa Kasulu wananitumia blauzi ya zamani kwa basi, wananiambia nikopi. Inatosha?

Inatosha kwa urefu, bega na kwapa, ukilaza nguo na kupima kwenye mishono. Ncha ya titi haitoshi. Unachokiona ni mwisho wa dati, na ncha yenyewe iko kama inchi moja mbele, kama fundi wa kwanza alijua kazi. Kama hakujua, unakopi kosa lake. Mwombe mteja akupimie vipimo viwili tu kwa simu: bega la shingoni hadi ncha, na ncha hadi ncha. Shangazi yake anaweza kumpimia.

Swali: Mteja ananyonyesha, harusi ni baada ya mwezi mmoja. Nimpime lini?

Ukiweza, mpime wiki ya mwisho, kabla mtoto hajanyonya, titi likiwa limejaa. Kama lazima ukate mapema, acha inchi 1 na nusu ya kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavu, na kulabu ziwe mbele. Safu mbili za vitanzi vya kulabu zitakusaidia. Bitana nayo iachie hivyohivyo, wengi wanaisahau halafu kitambaa cha juu kinaachika na bitana inagoma.

Swali: Mimi kwapa nililipima sawa, 16 na nusu, ila mkono umembana juu ya kiwiko mpaka umeacha alama. Nilichimbe kidogo tu?

Hapana. Huo ni mkono, sio kwapa. Pima unene wa mkono pale panapojaa zaidi, ongeza inchi moja, ukate mkono upya. Kile kipande cha blauzi kinachokuja na sari mara nyingi ni kama sentimita 80, na kwa kifua cha 38 mikono ya kufika kiwikoni huwa inabana kitambaa. Kama hakitoshi, kata mikono mifupi, au chukua bitana ya rangi inayofanana uunge ubavuni chini ya kwapa, palipofichwa na mkono.