Somo: Kupasua majibu ya "chagua yote yanayohusika" kuwa safu za 1 na 0

Ukiuliza swali la kuchagua majibu zaidi ya moja kwenye Google Forms, majibu yote ya mtu mmoja yanarundikwa ndani ya kisanduku kimoja, yakitenganishwa kwa mkato na nafasi. Hapo huwezi kuhesabu kitu. Tunataka kila chaguo liwe na safu yake: 1 kama mtu alilichagua, 0 kama hakulichagua.

Tuchukue dodoso la maji. Swali ni "Kaya yenu inapata maji wapi?" na machaguo ni Bomba, Bomba la jirani, Kisima, Kisima cha pampu, Maji ya mvua, pamoja na nafasi ya kuandika mengine. Majibu yapo safu ya C, hivi:

```
C2: Bomba, Maji ya mvua
C3: Bomba la jirani, Maji ya mvua
C4: Kisima cha pampu, Boza la maji
C5:
```

Subiri ukusanyaji uishe, kisha nakili majibu kwenye karatasi mpya. Usifanyie kazi pale fomu inapomwaga majibu, kwa sababu kila jibu jipya linachomeka mstari wake na fomula zako hazitaufuata.

Sasa andika majina ya machaguo kuanzia D1 hadi H1. Yanakili kutoka kwenye fomu yenyewe, usiyaandike upya, maana nafasi moja ya ziada mwishoni mwa neno inatosha kuijaza safu nzima sifuri.

Wengi hapa hutafuta tu neno "Bomba" ndani ya C. Angalia C3: kaya ile haina bomba, inachota kwa jirani, lakini neno "Bomba" limo, kwa hiyo itapewa 1. Mimi mwenyewe nimewahi kufika hadi kuandika ripoti na kosa hili, na kaya zenye bomba zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Dawa ni kulizungushia chaguo mkato na nafasi pande zote mbili, na jibu lenyewe vilevile. Andika D2:

```
=IF($C2="","",IF(ISNUMBER(FIND(", "&D$1&", ",", "&$C2&", ")),1,0))
```

Iburute hadi H, kisha ishushe chini. Sasa kompyuta inatafuta ", Bomba, " na kwa C3 haiipati, kwa sababu baada ya Bomba linafuata neno "la". Jibu ni 0, kama inavyotakiwa.

C5 inabaki tupu, haiwi 0. Aliyeruka swali hakusema kwamba hana bomba, hakusema chochote. Ukimpa sifuri, unashusha asilimia za wote.

Imebaki "Boza la maji". Fomu haiandiki "Mengine", inaandika maneno ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo safu ya I inahesabu vipande vilivyomo kwenye C na kuvilinganisha na jumla ya 1 ulizopata:

```
=IF($C2="","",IF((LEN($C2)-LEN(SUBSTITUTE($C2,", ","")))/2+1>SUM($D2:$H2),1,0))
```

C4 ina vipande viwili na 1 moja tu, kwa hiyo I4 ni 1. Chuja safu hii na usome kila mstari wenye 1. Ukikuta humo chaguo la kwenye fomu, basi jina la safu limekosewa, au kuna aliyebadilisha maneno ya chaguo katikati ya kazi. Majibu ya awali hubaki na maneno ya zamani.

Maswali ya wanachama

Kigoma: Shikamoo mwalimu. Asilimia zangu zikijumlishwa zinafika 170. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea. Kaya moja imechagua vyanzo viwili au vitatu, kwa hiyo jumla lazima ipite 100. Kila safu isome peke yake kwa `=AVERAGE(D2:D61)`; visanduku vitupu havihesabiwi. Ila usichore duara la vipande, tumia chati ya mihimili.

Bujumbura: Kwangu fomula inakataa kabisa, inaleta kosa.

Lahajedwali lako bila shaka limewekwa kwa mpangilio wa Kifaransa. Badilisha mikato inayotenganisha sehemu za fomula iwe `;`. Ile iliyo ndani ya alama za nukuu, `", "`, usiiguse.

Mombasa: Chaguo langu moja ni "Kisima, cha wazi". Lina mkato ndani yake. Litapasuka?

Fomula ya kwanza inalitafuta zima, kwa hiyo safu yake haina shida. Lakini kama una pia chaguo la "Kisima" peke yake, safu ya hilo itapewa 1 isiyo ya kweli. Kama huna, safu ya I ndiyo itakayodanganyika, kwani itahesabu vipande viwili na kukupa 1 isiyo ya kweli. Kwenye karatasi ya nakala, tafuta "Kisima, cha wazi" na ubadilishe yote iwe "Kisima cha wazi", kisha urekebishe na jina la safu.

Dodoma: Sisi tunatumia KoboToolbox. Majibu yametengwa kwa nafasi tu, hakuna mkato.

Weka `" "` kila palipo na `", "`, na kwenye safu ya I ondoa `/2`, kwa kuwa kitenganishi sasa ni herufi moja. Hii inafaa tu ikiwa machaguo hayana nafasi ndani yake, kama `kisima_cha_pampu`; yakiwa na nafasi, "Bomba" litaonekana tena ndani ya "Bomba la jirani". Lakini kabla ya hapo tazama mipangilio ya kupakua data: Kobo inaweza kukupa safu moja kwa kila chaguo, zikiwa tayari na 1 na 0.